Uzi mmoja wa msuli ni seli moja au mamia? Mwanafunzi kaniuliza, nimekwama

Mwl_Isyonje

Wakuu, habari za jioni. Mvua huku Mbeya haijakatika tangu saa nane na umeme umerudi sasa hivi, nikaona niulize kabla sijalala, maana jambo hili linanisumbua tangu Jumanne.

Nafundisha baiolojia kidato cha tano. Tulikuwa kwenye nadharia ya seli, nikaandika ubaoni zile kauli tatu: kila kiumbe hai kimejengwa kwa seli, seli ndiyo kitu kidogo kabisa chenye uhai kamili, kila seli hutokana na seli iliyoitangulia. Binti mmoja wa Tukuyu, mkimya siku zote, akanyoosha mkono. Alikuwa ameona kitabuni picha ya uzi wa msuli wa mkono, viini vimejipanga pembeni kama shanga. Akauliza: "Mwalimu, huu uzi una viini mamia ndani ya utando mmoja. Ni seli moja au seli mamia? Kama ni moja, viini vyote hivi vya nini? Kama ni mamia, mipaka yake iko wapi?"

Nikamjibu ni seli moja yenye viini vingi. Akasema asante, akaketi, lakini uso wake ulionyesha hajaridhika, na kwa kweli mimi pia sikuridhika. Nilimpa jina la kitu, sikumpa sababu.

Alhamisi ndiyo nikabanwa zaidi. Tulifanya vitendo kwa mkate nilioufunga kwenye mfuko siku tano mpaka ukaota ukungu. Tukachungulia kwenye hadubini: mirija mirefu imetawanyika, na ndani yake hakuna ukuta hata mmoja wa kukatisha. Darasa zima likanigeukia. Seli iko wapi hapo?

Naomba msaada. Jibu la kukariri kwa ajili ya mtihani ninalo. Nataka kujua nimwambie nini yule binti Jumatatu.

Tuzo_Mafinga

Mwalimu, jibu ni jepesi, ila watu wanaogopa kulisema: nadharia hiyo imekwisha. Ni ya mwaka 1838 na 1839. Schleiden aliangalia mimea, Schwann akaangalia wanyama, basi wakatangaza kwamba kila kitu kiko hivyo. Tangu hapo yameonekana mengi yanayoikataa. Seli nyekundu za damu hazina kiini. Virusi havina seli kabisa. Kuvu haina mipaka. Msuli ndiyo usiseme: chukua nyama ya ng'ombe iliyochemka, ichambue, ule uzi mmoja unaokwama kwenye meno ni seli moja, unaiona kwa macho bila hadubini. Nadharia ikishatoboka namna hiyo inawekwa pembeni. Mwambie binti yuko sahihi.

Mama_Maabara

Kamwene nyote, mimi niko Iringa. Nimekaa maabara ya shule miaka 26, sasa nimepumzika.

Tuzo mdogo wangu, umeanza vizuri lakini umechanganya mambo. Seli nyekundu za damu yetu zilikuwa na kiini zilipokuwa changa kwenye uboho, zikakitoa kabla ya kuingia kwenye mzunguko. Chinja kuku, weka tone la damu yake kwenye slaidi, utakuta kila seli nyekundu ina kiini chake katikati. Hapo hakuna cha kuitikisa nadharia. Virusi tuviache, ule ni mjadala wa nini kiitwe kiumbe hai.

Ila la nyama lazima nilisahihishe, maana nimeona walimu wengi wakilisema. Uzi unaokwama kwenye meno ni fungu la nyuzi nyingi zilizoviringishwa pamoja. Uzi mmoja wa msuli una unene wa kati ya 0.01 mm na 0.1 mm, kwa hiyo hata ule mnene kabisa ni kama unywele wako. Kinachoshangaza ni urefu: kwenye misuli mirefu ya paja la mtu, uzi mmoja unaweza kupita sentimita 10. Hebu fikiria kitu chembamba kama unywele, kirefu kuliko kidole, na utando wa nje ni mmoja tu.

Mwalimu, usiwaonyeshe picha ya kitabu peke yake. Nunua nyama mbichi ya steki isiyo na mafuta. Kata kipande kama punje ya mchele, kiweke kwenye slaidi na tone la maji yenye chumvi kidogo, kisha chukua sindano mbili ukichambue mpaka kiwe kama pamba iliyofumuka. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanakata kipande kinene halafu wanakibonyeza na kioo cha juu. Wanaona utandu mwekundu tu. Ukishachambua sawasawa tia tone la methilini bluu, subiri dakika tatu nne, funika, anza na lenzi ndogo. Ukifika kwenye lenzi ya 40 utaona mistari ya kukingama, myembamba sana, na viini vya bluu vilivyolala kandokando ya uzi. Zungusha kirekebishi taratibu juu na chini, maana baadhi ya viini utakavyoviona viko nje, ni vya seli nyingine zilizobanana kati ya uzi na uzi. Kiini cha uzi wenyewe kinaonekana kwa ukali pale pale unapoona mistari.

Sasa kuhusu mkate. Uliangalia kwa lenzi gani? Na ukungu wako ulikuwa rangi gani?

Mwl_Isyonje

Shikamoo Mama. Lenzi ya 40, ya jicho 10, kwa hiyo mara 400. Ukungu ulikuwa wa aina mbili. Mmoja kama pamba ya kijivu wenye vichwa vyeusi, mwingine wa kijani umelala kama unga pembeni mwa mkate. Sisi tulichukua ule wa vichwa vyeusi kwa sababu ulikuwa unafika kirahisi.

Mama_Maabara

Marahaba. Basi hukukosea, na una bahati kwamba mkate mmoja ulikupa yote mawili.

Wewe ni mtu wa nyanda za juu, mianzi ya ulanzi unaijua. Pasua mwanzi, kila baada ya pingili kuna fundo lenye ukuta ndani. Ule ukungu wa kijani nyuzi zake ziko hivyo, zina vikuta kila baada ya hatua. Ule wenye vichwa vyeusi, ambao jina lake la kitaalamu mara nyingi ni *Rhizopus*, ni mwanzi usio na mafundo. Viini maelfu vinaogelea kwenye ute mmoja, unaouona ukisukumwa kuelekea kwenye ncha zinazokua. Viini vinagawanyika, lakini ukuta wa kuvitenganisha haujengwi.

Tofauti utaijua hata kabla hujatafuta kuta. Kwenye hadubini nyingi za shule, ukiwa mara 400, lile duara unaloliona lina upana wa karibu 0.45 mm. Nyuzi za *Rhizopus* ni pana na zinapindapinda kama utepe, mara nyingi 0.01 mm au zaidi, hivyo thelathini au arobaini zikipangwa ubavu kwa ubavu zinajaza duara. Za kijani zitahitajika zaidi ya mia. Wapimishe watoto kwa njia hiyo.

Lakini tahadhari, Mwalimu. "Sikuona ukuta" haijawa "hakuna ukuta". Watoto hukosea pande zote mbili. Kiputo cha hewa ndani ya uzi kina kingo mbili nyeusi zinazofanana kabisa na kuta. Ute ukikauka hupasuka na kuacha mstari. Uzi ukijikunja unaonyesha mkato usiokuwepo. Dawa yake ni kutanguliza tone la spiriti juu ya ukungu ili hewa itoke, ndipo uweke rangi. Na chukua ukungu kingoni ambako ni mchanga, maana hata *Rhizopus* akizeeka au akijeruhiwa huweka kuta chache hapa na pale. Tumia soltepu: gusa ukungu taratibu, bandika kwenye slaidi yenye rangi. Watoto wafunike pua, wenye pumu wakae mbali kabisa.

Na hata yule wa kijani asikudanganye. Kila kikuta chake kina tundu katikati. Ni kama ule mwanzi uliochomwa mafundo kwa chuma cha moto ili upitishe maji shambani. Ute unapita, na kwa aina nyingine viini vinapita pia. Uzi ukikatika, vijidonge vidogo vilivyokuwa vimekaa jirani na tundu huliziba ndani ya sekunde chache, sehemu iliyobaki isimwagike. Kwa hiyo ukiuliza kila pingili ni seli kamili, nakuuliza na mimi: chumba kisicho na mlango wa kufunga utakiita nyumba inayojitegemea?

Mkulima_Umalila

Samahani wakuu, nimeona mnaongelea ukungu. Viazi vyangu mviringo robo eka vimepigwa. Madoa ya kahawia kama yameunguzwa na maji ya moto, asubuhi ukigeuza jani chini unakuta ukungu mweupe mwembamba kama pamba. Nilikuwa na dawa iliyobaki ya kutu ya ngano, imeandikwa tebukonazoli, nikapiga mara mbili. Haikusaidia chochote, shamba limelala ndani ya wiki moja. Nimeuziwa dawa feki au?

Mwl_Isyonje

Pole sana ndugu yangu. Uzi huu ni wa seli lakini hatuwezi kukuacha hivyo. Kuna mtaalamu wa kilimo humu?

Bwanashamba_Njombe

Pole mkulima. Dawa inaweza kuwa halali kabisa, ila imepigwa kwa adui asiye wake, na hilo linaingia kwenye uzi huu vizuri kuliko unavyodhani.

Hiyo ni bakajani chelewa, *Phytophthora infestans*. Ukiiweka kwenye hadubini utaona kile kile alichokiona Mwalimu: nyuzi pana, zisizo na kuta, viini vingi kwenye ute mmoja. Ndiyo maana zamani iliwekwa kundi moja na kuvu. Lakini si kuvu wa kweli. Ukuta wake wa nje umejengwa zaidi kwa selulosi na jamaa zake, wakati kuvu wanatumia kaitini, na ndugu zake wa karibu ni mwani wa kahawia wa baharini. Dawa za jamii ya tebukonazoli zinaua kwa kuzuia kutengenezwa kwa ergosteroli, mafuta ambayo kuvu anayahitaji kwenye utando wake. Huyu wa viazi hatengenezi ergosteroli. Umemkatia maji mtu anayekunywa kisima kingine.

Kwake kuna dawa kama metalaksili, inayomzuia kutengeneza RNA, ingawa kuna aina zilizoizoea, ndiyo maana huuzwa ikiwa imechanganywa na mankozebu. Mankozebu inakinga tu, lazima iwe juu ya jani kabla ugonjwa haujaingia. Kwa shamba lililokwisha lala, kata mashina uyatoe, usichimbe viazi kwenye tope, na msimu ujao uulizie mbegu zinazovumilia pale kituo cha utafiti Uyole. Muone na afisa ugani wa kata yako akuangalizie shamba kabla hujanunua kitu.

Sasa kwa Mwalimu. Ugonjwa huu una jambo ambalo darasa lako litalipenda. Ndani ya jani anaishi kama mrija usiogawanyika. Akitaka kusafiri anatoa vifuko vidogo juu ya jani, ndiyo ule weupe wa asubuhi. Kukiwa na maji na baridi ya nyuzi 10 hadi 15 hivi, kama alfajiri zetu za Umalila na Kitulo, ute ndani ya kifuko unakatwa vipande, kila kipande kinapata kiini chake na mikia miwili, vinatoka vinaogelea. Joto likipanda kupita nyuzi 20, kifuko hakijigawi mara nyingi, kinachipua moja kwa moja kuwa mrija mpya. Kiumbe kile kile leo kina seli, kesho hakina, na kinachoamua ni hali ya hewa.

Aliyelipa kundi hilo jina *Phytophthora* ni Mjerumani Anton de Bary, mwaka 1876. Na huyo huyo de Bary ndiye aliyeshikilia kwamba mmea ndio unaounda seli, si seli zinazounda mmea. Mtu aliyetazama nyuzi hizi miaka mingi ni rahisi kuelewa alifikaje hapo.

Tuzo_Mafinga

Si ndiyo niliyosema! Mtaalamu mwenyewe aliikataa.

Kipengere

Tuzo, hapana, taratibu. De Bary alikataa kauli moja, kwamba mwili ni jumla ya seli zilizojikusanya. Hakusema uhai unachipuka tu mahali pasipo na seli. Kauli tatu za Mwalimu hazisimami wala kuanguka pamoja, na hapo ndipo mnapopishana.

Mimi nasomea ukuaji wa misuli, kwetu ni Makete. Naomba nirudi kwenye swali la binti, maana hakuna aliyelijibu bado. Aliuliza viini vyote hivyo vya nini. Mimi ningeanza na kuuliza vilifikaje pale, kwa sababu kuna njia mbili. Ya kwanza ni ile ya ukungu wa mkate: seli moja, kiini kinagawanyika, kinagawanyika tena, mwili haugawanyiki. Ya pili ni kinyume: seli nyingi, kila moja na kiini chake, zinakaribiana na tando zake zinaungana, kama matone ya mafuta kwenye mchuzi yanavyoungana kuwa tone kubwa. Mwishoni zote mbili zinafanana kwenye hadubini. Huwezi kujua kwa kutazama.

Na watu walibishana kweli. Schwann mwenyewe, kwenye kitabu chake cha mwaka 1839, aliandika kwamba uzi wa msuli unatokana na seli zilizopangana zikaungana. Tuzo, uione hiyo: kitu tunachokiita pingamizi kilikuwemo kwenye nadharia tangu siku ya kwanza. Baadaye Robert Remak akasema hapana, ni seli moja inayorefuka na kuzidisha viini. Ubishi ukadumu zaidi ya miaka mia.

Uliofunga ubishi kwa wengi ni utafiti wa Beatrice Mintz na Wilber Baker, mwaka 1967, na unaeleweka hata na mtoto wa kidato cha tano. Walichukua panya wa aina mbili. Kila aina ina kimeng'enya kimoja kilekile kwa kazi, lakini kwa umbo kinatofautiana kidogo. Kimeng'enya hicho kinajengwa kwa vipande viwili vinavyoshikana. Panya wa aina ya kwanza anatengeneza vipande A, kwa hiyo kimeng'enya chake ni AA. Wa pili ni BB. Wakachukua viinitete vya aina zote mbili vikiwa vichanga, kila kimoja na seli chache tu, wakavisukuma pamoja vikawa kiinitete kimoja, wakampandikizia panya jike. Akazaliwa panya mmoja mwenye seli za aina mbili zilizochanganyika mwili mzima.

Sasa fuatilia. Kwenye ini, seli ya A inakaa na utando wake, seli ya B na wake. Ukisaga ini utapata AA na BB tu, kwa sababu kipande A na kipande B hawajawahi kukutana chumba kimoja. Kwenye msuli, kama uzi unatokana na seli moja iliyozidisha viini, basi uzi huu ni wa A, ule ni wa B, na ukisaga utapata tena AA na BB tu. Lakini kama seli zinaungana, uzi mmoja utakuwa na viini vya A na vya B kwenye ute mmoja, vipande vitakutana, na kitatokea kitu ambacho mzazi yeyote hana: AB.

Wakasaga msuli, wakaipata AB.

Atu_kidato6

Dah, nimeelewa. Kaka Kipengere, na moyo je? Nao ni msuli wenye mistari. Mwalimu wetu anasema moyo nao ni seli moja iliyoungana, ndiyo maana unapiga kwa pamoja.

Kipengere

Atu, mwalimu wako anasema walichosema wakubwa kwa muda mrefu sana. Nyuzi za moyo zina matawi yaliyoshikana, na kwa hadubini ya kawaida unaona vimstari vyeusi vya kukata ambavyo hakuna aliyekuwa na uhakika ni nini. Wengi waliuchukulia moyo kama mtandao mmoja. Hadubini ya elektroni ilipoanza kutumika, miaka ya 1950, ikaonekana kwamba kila kimstari ni mahali ambapo seli mbili zimebanana, tando mbili kamili, uso kwa uso. Kwa hiyo moyo ni seli nyingi, nyingi zina kiini kimoja au viwili. Zinapiga pamoja kwa sababu pale zilipobanana kuna vitundu vidogo sana vinavyopitisha umeme. Na kwenye panya wale wa Mintz, AB ilitokea kwenye misuli ya mifupa, kwenye moyo haikutokea.

Tuzo, chukua na hilo. Mara nyingine kinachoonekana kuipinga nadharia ni hadubini ambayo haijafika.

Tuzo_Mafinga

Sawa, la moyo nimelipokea, na la meno pia nimelipokea kwa Mama. Lakini bado nina swali. Kama uzi wa msuli unatokana na seli nyingi kuungana, basi ile kauli ya tatu imevunjika. Virchow mwaka 1855 alisema kila seli inatoka kwenye seli, maana yake seli inagawanyika inatoa nyingine. Hapa hakuna iliyogawanyika. Hamsini zimekuwa moja.

Kipengere

Hilo ni swali zuri kuliko yote uliyoleta, na nalijibu nusu tu. Virchow, na Remak kabla yake, walikuwa wanapinga wazo kwamba seli zinaganda kutoka kwenye majimaji, wazo ambalo Schwann alilishika na hapo Schwann alikosea. Kwa maana hiyo kauli haijavunjika, maana kila kipande cha uzi wa msuli kilitoka kwenye seli iliyokuwa hai. Lakini ukiisoma kama "kila seli ina mzazi mmoja", basi ndiyo, uzi wa msuli una wazazi wengi. Mimi ningemwambia mwanafunzi kwamba kauli ya tatu imesalimika, inayotikisika ni ya pili, ile ya seli kuwa kipimo kimoja cha uhai.

Mzee_wa_Mazoezi_Mbeya

Mimi nimechanika msuli wa paja nikicheza bonanza mwezi wa tatu. Kama nyuzi ni ndefu hivyo, na nasikia viini vyake havigawanyiki, ina maana zilizokatika zimepotea moja kwa moja? Daktari alisema nitapona ila hakunieleza.

Kipengere

Pole mzee. Daktari wako yuko sahihi. Viini vilivyo ndani ya uzi ni kweli havigawanyiki tena. Ila juu ya kila uzi, katikati ya utando wake na ala inayoufunika, kumelala seli ndogo zenye kiini kimoja. Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961, alizikuta kwenye msuli wa chura. Siku zote zimetulia. Uzi ukiumia zinaamka, zinagawanyika kama seli za kawaida, kisha zinaungana na uzi ulioumia au zinaungana zenyewe kuwa uzi mpya. Kidonda kikubwa hujazwa kovu badala ya msuli, kwa hiyo fuata mazoezi aliyokupa mtaalamu wako wa viungo, usikimbilie uwanjani.

Na Mwalimu, hiki ndicho ningempa binti. Uzi hauwezi kujizidishia viini. Ukitaka kiini kipya lazima urudi kwenye seli ya kawaida yenye kiini kimoja.

Mama_Maabara

Umeeleza vizuri mwanangu. Hapa tu ndipo ninapotofautiana nawe. Unasema uzi wa msuli ni seli moja. Mimi nilikuwa nawaambia watoto wasiuite seli hata kidogo, waseme "uzi wenye viini vingi" wakomee hapo. Na ukungu wa mkate vivyo hivyo: si seli moja kubwa, ni mwili ambao haukukatwa kuwa seli. Ukimwambia mtoto ukungu uliofunika mkate mzima ni seli moja, neno seli linabaki na maana gani?

Kipengere

Mama, kwa ukungu nakubali karibu yote. Kwa msuli nasita. Umeme ukigusa uzi mahali pamoja unakimbia urefu wote kwa sababu utando ni mmoja, na uzi wote unajikunja kama kitu kimoja. Hiyo ni tabia ya seli moja. Lakini kuna linalokusaidia wewe: viini havifanyi kazi sawa. Vile vilivyo chini ya mshipa wa fahamu vinatoa maagizo ya kutengeneza vipokezi vya ishara, na vya mbali havitoi. Kila kiini kinahudumia eneo lake, hakuna ukuta lakini mipaka ipo. Kwa hiyo siku nyingine naamka na msimamo wako, siku nyingine na wangu.

Mwl_Isyonje

Nimerudi, leo ni Jumatano. Jumatatu tulifanya nyama na ukungu siku moja, soltepu na spiriti kama Mama alivyoelekeza. Makundi mawili kati ya matano yaliona mistari ya msuli na viini pembeni, mengine yalikata kipande kinene, ilikuwa kama Mama alivyosema. Nikawaeleza panya wa AB kwa chaki nyekundu na nyeupe. Yule binti ndiye aliyesema "basi lazima itokee AB" kabla sijamaliza kuchora.

Halafu akarudi kwenye hadubini, akatafuta kwa karibu nusu saa, akaniita. Alikuwa amepata bua moja la ukungu wa vichwa vyeusi ambalo kichwa chake kimepasuka. Juu ya bua, pale kichwa kilipokaa, kulikuwa na ukuta mmoja umevimba kama kuba. Tulizungusha kirekebishi juu na chini, haukuwa kiputo. Ukungu usio na kuta ulikuwa umejenga ukuta, mmoja, mahali hapo tu.

Akaniuliza kama kilichokuwa juu ya ukuta ule ni seli tofauti na kilichobaki chini. Nimemwambia achore kwanza alichokiona. Mchoro uko mezani kwangu. Mama Maabara, Kipengere, wewe Tuzo pia, mnasemaje?

Mama_Maabara

Umepata kitu kizuri. Waambie wachukue na chembe za ndani ya kichwa ambacho hakijapasuka, waziweke rangi ya viini kama unayo. Kwa *Rhizopus* hata chembe moja huwa na viini zaidi ya kimoja. Ukishaona hilo, rudi tuendelee.